Buti la Machimboni Hufa Kwenye Mshono

Kando ya barabara ya Chalinze kwenda Segera, pale Lugoba, kuna fundi viatu anayekaa chini ya mwarobaini. Malori ya kokoto yanapita mbele yake tangu alfajiri, na wateja wake wengi ni watu wa kresha: wapasua mawe, wachomeleaji, vijana wa kupakia. Miaka ile nilipokuwa mtunza stoo kwenye machimbo mojawapo ya huko, nilimpelekea jozi ya mabuti iliyokufa baada ya miezi minne, nikamwomba alipasue moja tuone kilichoyaua. Alilipasua kuanzia kisigino hadi vidoleni. Chuma cha mbele kilitoka kizima, kinang'aa, hakina hata mkwaruzo. Kila kilichokuwa kimekishikilia chuma kile kilikuwa kimekwisha.

Naikumbuka jozi ile kila ninapomsikia mnunuzi wa vifaa akimuuliza muuza duka swali moja tu: "Yana chuma?" Akijibiwa ndiyo, biashara imekwisha. Sikidharau chuma. Buti lililopimwa kwa kiwango cha ISO 20345 lina chuma mbele kinachostahimili pigo la jouli 200, sawasawa na uzito wa kilo 20 ukiangushwa kutoka karibu mita moja, na vidole vilivyo ndani vikabaki salama. Vidole vingi vimeokolewa hivyo. Lakini kwa miaka yote niliyogawa mabuti, sikumbuki jozi hata moja iliyorudishwa stoo kwa sababu chuma kimebonyea. Zilirudishwa kwa sababu mshono umeachia, soli imebanduka, au mwenyewe ameteguka na hawezi tena kulivaa buti la mguu ule. Nasema wazi: anayenunua mabuti ya machimboni kwa kuuliza chuma peke yake ananunua kofia, na mwili wote anauacha wazi.

Nianze na mshono, kwa kuwa ndio unaokufa kwanza na ndio unaosahaulika zaidi.

Mshono ni safu ya matundu. Sindano ikipita kwenye ngozi inaacha tundu, na uzi haulijazi tundu lote. Kwa mtu wa ofisini hilo si kitu. Kwa mtu wa kresha, kila hatua anayopiga inakunja ngozi pale vidole vinapoanzia. Tundu linafunguka, linafunga, linafunguka. Kila likifunguka, vumbi linaingia. Na vumbi la Lugoba si unga laini. Ni mawe magumu yenye kwazi, ile chembe inayometameta, na kwa kipimo cha ugumu cha Mohs kwazi inasimama kwenye 7, wakati kisu cha kawaida cha chuma kiko kwenye 5 na nusu hivi. Sasa fikiri punje za kitu kigumu kuliko kisu zimekaa kati ya uzi na ngozi, na mguu unazisugua maelfu ya mara kwa siku. Fundi alinionyesha uzi wa jozi ile kwa kuuinua na ncha ya kisu. Haukuwa umekatika kwa kuvutwa. Ulikuwa umelika pembeni, umekonda katikati kama kamba ya kisima iliyosuguliwa na jiwe la ukingo.

Alinionyesha na kitu cha pili. Alipoitoa bitana, ndani ya buti kulikuwa na mistari ya kijivu iliyonyooka, imefuata kila mshono kama ramani. Mstari mnene kuliko yote ulikuwa pale ulimi unapoungana na ubavu wa kiatu. Hapo ndipo mabuti mengi ya bei rahisi yanapodanganya. Ulimi umeshonwa chini tu, kwenye shina lake, na pembeni umeachwa huru. Ukifunga kamba unaonekana umeziba, kumbe kuna mlango huku na huku. Buti la machimboni linatakiwa kuwa na ulimi wenye mabawa, yaani ngozi laini iliyokunjwa kama mfuko na kushonwa ubavuni hadi karibu na matundu ya juu. Ukivuta ulimi mbele kwa mkono, usione nafasi ya kupitisha hata kidole.

Uzi nao una habari yake. Uzi wa pamba huoza kwa jasho. Unaofaa ni wa nailoni au poliesta. Muuza duka hatakwambia, lakini kwenye mshono wa ndani huwa kuna ncha ya uzi iliyobaki. Ikate, iwashe kwa kiberiti. Pamba huungua ikawa majivu yenye harufu ya karatasi. Nailoni na poliesta hujikunja na kuyeyuka zikaacha kishanga kigumu. Jambo jingine la kutazama ni mahali mishono ilipo. Mshono unaopita katikati ya mkunjo wa vidole umehukumiwa tangu kiwandani. Afadhali buti lenye kipande kimoja kikubwa cha ngozi mbele, na mishono miwili au mitatu sambamba iliyosogezwa nyuma ya mkunjo.

Kuna desturi moja iliyonisumbua kuliko zote. Zamu ikiisha, vijana huchukua mpira wa kompresa na kupuliza mabuti yao. Vumbi linatimka, buti linaonekana safi, kila mtu ameridhika. Upepo ule unafanya mambo mawili mabaya kwa mpigo. Unalisukuma ndani ya matundu ya mshono vumbi lililokuwa limekaa juu tu, na unalirusha hewani vumbi laini kabisa lenye silika, lile linaloshuka hadi chini ya mapafu na kuleta ugonjwa wa silikosisi. Brashi ngumu ya nyuzi za plastiki na kitambaa chenye unyevu vinatosha. Buti lipigwe mswaki kwenye mishono, soli ya ndani itolewe na kukung'utwa mbali na watu, kisha mishono ipakwe nta. Nta inajaza lile tundu ambalo uzi haulijazi. Dawa ya viatu yenye mafuta mengi haifai kwa kazi hii, inabaki inanata na kukusanya vumbi lililo karibu. Na buti lenyewe libaki kazini. Lisiingie chumbani wanakolala watoto.

Kwenye machimbo ya mawe ya chokaa vumbi lina ukali wa aina nyingine. Mawe ya chokaa ni laini, hayali uzi kama kwazi. Lakini yakishachomwa kwenye tanuru, kwa joto la karibu digrii 900, yanageuka chokaa hai, na chokaa hai ikikutana na maji huchemka. Mtu anayefanya kazi kwenye matanuri amevaa buti lenye mshono uliofunguka, chokaa inaingia, soksi imelowa jasho. Hapo hakuna haja ya moto kumwunguza. Maji ya jasho yanatosha. Nimeuona mguu wa mtu wa namna hiyo: alama nyekundu zilizofuata mstari wa mshono wa kiatu juu ya unyayo, kana kwamba mtu alichora kwa kalamu. Yeye alidhani buti limembana.

Kuhusu soli na joto kuna kutoelewana kunakowagharimu watu fedha na ngozi. Kwenye lebo ya buti la ISO 20345 utakuta herufi. Ukiona HRO, maana yake soli ya nje imewekewa chuma chenye joto la digrii 300 kwa sekunde 60, isiyeyuke wala isipasuke. Ukiona HI, buti zima limewekwa juu ya mchanga wenye joto la digrii 150 kwa nusu saa, na ndani, pale unyayo unapokanyaga, joto halikupanda zaidi ya digrii 22. Ni mambo mawili tofauti kabisa. HRO inailinda soli. HI inaulinda mguu. Nimewahi kumsikia msimamizi akimkaripia mchomeleaji aliyelalamika kuungua, "Viatu vyako vimeandikwa digrii 300!" Vimeandikwa kweli, lakini zile 300 ni za soli, tena kwa dakika moja tu.

Je, mtu wa kokoto anakutana wapi na joto? Si lazima awe kwenye tanuru. Taya za kresha ni za chuma chenye manganizi, na zikilika hujazwa kwa kuchomelea. Mchomeleaji anasimama juu ya sahani ya chuma inayoangukiwa na cheche za chuma kilichoyeyuka. Msaidizi wake anapanda juu ya bamba lililokatwa kwa gesi dakika chache zilizopita, na chuma kikishapoteza wekundu hakikwambii tena kina joto kiasi gani. Soli ya poliyurethini, ile nyepesi inayopendeza dukani kwa kuwa haichoshi mguu, huanza kulainika kwenye joto ambalo halifiki hata nusu ya zile digrii 300. Soli ya mpira wa nitrili ndiyo inayofikia HRO. Ni nzito zaidi, na mtu akijaribu buti dukani kwa dakika mbili atachagua ile nyepesi. Kuna mabuti yenye tabaka mbili, mpira wa nitrili chini na poliyurethini katikati ya kupunguza mshtuko, na kwa mchomeleaji wa kresha hayo ndiyo ningeyanunua bila kujadili.

Hata hivyo, kwa watu wengi wa machimbo kinachokufa mapema si soli yenyewe. Ni gundi. Soli iliyobandikwa kwa gundi peke yake inategemea kitu kinacholegea kwa joto dogo kuliko mpira au ngozi vinavyoweza kustahimili. Mchana wa Januari, bamba la chuma la ngazi za kresha hupata jua tangu asubuhi, na huwezi kuweka kiganja juu yake. Mtu anasimama hapo saa nzima. Akishuka anaingia kwenye maji ya kunyunyizia vumbi. Jioni anayaegemeza mabuti kwenye bomba la moshi la jenereta yakauke. Siku ishirini za namna hiyo, na buti linafungua mdomo mbele.

Kijana mmoja wa zamu yangu alikuwa na buti la namna hiyo. Mdomo ulikuwa umefunguka kwa upana wa kidole, akaufunga kwa waya wa kufungia nondo, akaendelea na kazi. Alikuwa anashuka ngazi ya kresha akiwa na spana mkononi. Ule mdomo ukanasa kwenye ukingo wa daraja la tatu kutoka chini. Hakuanguka kutoka juu sana, namshukuru Mungu, lakini aliweka mkono mbele na kifundo cha mkono kikavunjika. Kwenye taarifa ya ajali waliandika "mfanyakazi aliteleza." Hakuteleza. Nililiona buti lile kwa macho yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimemgawia, kutoka kwenye shehena tuliyoambiwa tuipokee kwa sababu ilikuwa na bei nzuri. Sijaacha kulifikiria.

Kwa hiyo soli ya machimboni iwe imeshonwa au imemiminiwa moja kwa moja kwenye kiatu, isiwe imebandikwa tu. Ukitaka kujua, kunja buti kwa nguvu pale vidoleni na utazame ukingo ambapo ngozi inakutana na soli. Iliyobandikwa huonyesha mstari mwembamba unaofunguka. Na kuna tarehe. Kiwango kinamtaka mtengenezaji aonyeshe mwaka na mwezi au robo ya mwaka buti lilipotengenezwa. Mara nyingi iko kwenye lebo iliyoshonwa ulimini, au chini ya soli kama saa ndogo yenye mshale. Wanunuzi wachache sana huitazama. Poliyurethini huliwa na unyevu wa hewa hata ikiwa ndani ya boksi, na katika joto la pwani mchakato huo unakwenda haraka. Buti lililolala ghalani miaka mingi linaweza kuonekana jipya, linanukia upya, halafu wiki ya pili soli ikamomonyoka vipande kama keki iliyokauka. Watu husema ni feki. Mara nyingine si feki hata kidogo, ni la zamani.

Nimefika kwenye kifundo cha mguu, na hapa herufi za lebo zinapotosha zaidi. AN maana yake ni kinga ya kifundo, na mnunuzi akiisoma anaamini wafanyakazi wake hawatateguka. Lakini AN inapima pigo: kuna sponji pande mbili za kifundo, na jiwe likiruka na kugonga mfupa, nguvu inapungua kabla ya kufika. Haisemi lolote kuhusu mguu kupinduka. Na machimboni mguu unapinduka. Mtu anatembea juu ya mawe yaliyomwagwa na lori, hakuna hata moja lililotulia. Unyayo unakwenda ndani, uzito wote unaangukia upande wa nje, na kano za nje ya kifundo zinavutika au kuchanika. Kano iliyochanika mara moja bila kutibiwa vizuri inabaki legevu, na mwenyewe atateguka tena mguu uleule hadi ajue kuogopa kila jiwe.

Kinachozuia hilo si urefu wa buti peke yake. Kinachofanya kazi kubwa ni kikombe cha kisigino, kile kipande kigumu kilichofichwa kati ya ngozi na bitana nyuma. Minya kisigino cha buti kwa kidole gumba na cha shahada, ukiweka nguvu. Kikibonyea kama karatasi, ndani kuna boksi tu, na litalainika kwa jasho la mwezi wa kwanza. Kisha shika buti mbele na nyuma ulikamue kama nguo. Lililotengenezwa vizuri litakataa kujisokota katikati, ila litakubali kukunjika pale vidoleni. Buti linalojisokota kama soksi halikushikilii juu ya mawe hata likifika gotini. Ndiyo sababu gambuti, pamoja na faida yake yote kwenye maji na tope, silipendi juu ya mawe makavu: kifundo kinaelea ndani yake.

Halafu kuna kamba. Nenda kresha yoyote saa sita mchana uhesabu mabuti yaliyofungwa hadi juu. Wengi huacha matundu mawili ya mwisho wazi kwa joto na kwa haraka, na sitawalaumu, kwa sababu buti lililokazwa lote huku mguu umevimba kwa kusimama ni mateso. Kuna njia ya katikati ambayo mzee mmoja mpasua mawe alinifundisha. Kaza kamba hadi pale mguu unapokunja, zungusha ncha mbili mara mbili zisirudi nyuma, halafu endelea juu kwa kulegeza kidogo. Kisigino kinakaa kwenye kikombe chake, na mguu wa juu unapumua. "Mwanangu," aliniambia, "kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, umevaa kiatu cha mtu mwingine."

Alikuwa anasema kweli kwa maana halisi kabisa. Tulikuwa tunaagiza namba 42 na 43 kwa wingi kwa sababu ndizo zilizopunguzwa bei, na mwenye 40 anapewa 42 na soksi mbili. Hakuna kikombe cha kisigino, kamba wala herufi itakayomsaidia mtu huyo. Mguu upimwe jioni, ukiwa umevimba, mwenyewe akiwa amevaa soksi ya kazini. Na buti likishatumika, liweke mezani ulitazame kwa nyuma. Kama limeegemea nje kwa sababu kisigino kimelika upande mmoja, mwondolee mtu huyo buti lile hata kama juu linapendeza, maana tayari limeshaanza kumpindua.

Najua jibu la mwajiri: fedha. Tuseme jozi ya shilingi 50,000 inaishi miezi minne. Kwa mwaka ni jozi tatu, shilingi 150,000. Jozi ya shilingi 140,000 ikiishi mwaka mmoja imeshinda kabla hujahesabu siku hata moja ya mtu aliyelala nyumbani na mguu uliovimba. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na kifaa kinachovuja vumbi mwezi wa pili si kinga. Mchimbaji mdogo asiye na mwajiri, anayenunua mtumbani kwa fedha zake, yeye namwonea huruma zaidi. Kwake ningesema kama hawezi kupata vyote, atafute kwanza ngozi ya kipande kimoja na kisigino kigumu. Mishono anaweza kumpelekea fundi ashone upya kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, na soli anaweza kushonesha pembeni. Kikombe cha kisigino kilichokufa hakuna fundi wa barabarani atakayekifufua.

Baada ya siku ile ya mwarobaini nilibadilisha namna ya kupokea mzigo. Lori la mabuti lilipokuja, nilisubiri giza, nikazima taa ya stoo, nikaingiza tochi ndogo ndani ya buti na kuziba mdomo kwa kitambaa. Ngozi nzima haipitishi mwanga. Mshono mbaya unapitisha, vitone vidogo vidogo kama nyota kwenye mstari. Bitana nene huficha baadhi, kwa hiyo buti lililofaulu nililitazama tena ndani baada ya wiki ya kwanza kazini, kutafuta ile mistari ya kijivu. Katika maboksi 20 ya usiku ule wa kwanza, niliweka kando sita. Dereva wa muuzaji alikataa kuyarudisha hadi niandike sababu kwenye hati yake, basi nikaandika, jozi kwa jozi, mara sita: mshono wa ulimi unapitisha mwanga.